Kivuli cha Waya Mgongoni mwa Chui

Kamera ya Mzungu aliyekuja kupiga filamu ya wanyama ilijazwa kwa ufunguo, kama saa. Ikijazwa ilikwenda chini ya nusu dakika, na chui wa Unguja hamngojei mtu. Kwa hiyo tulimtega. Mtegaji wa kijiji kimoja cha kusini alimnasa kwa sanduku, tukamtia katika boma lililozibwa kwa waya hata juu, nguzo tukazificha kwa matawi.

Mimi nilikuwa karani wa Mzungu, mtu wa Kikwajuni. Kila kipande cha filamu nilikiandika katika daftari. Chui alipigwa picha adhuhuri, lenzi imewekewa kioo cheusi, ili ionekane ni usiku. Mbuzi wa mtegaji alipigwa siku nyingine, peke yake, tukimtisha kwa gunia. Wawili hao hawakuonana kamwe.

Kwa siku nane mtegaji alimlisha chui. Siku ya tisa Mzungu aliamuru aachiwe msituni, na mtegaji akataka nifasiri maneno yake.

"Mwambie boma lionekane katika filamu. Huku kwetu mtu akizoeana na chui, husemwa anamfuga kwa uchawi."

"Hakuna anayetaka kutazama seng'enge," alijibu Mzungu.

"Yeye anakwenda kwao," alisema mtegaji. "Mie nabaki na hawa wa kijijini."

Mwaka uliofuata filamu ililetwa kijijini, ikaonyeshwa alasiri skuli, madirisha yamezibwa kwa magunia. Sauti ilisema huyu ni chui wa mwituni, akiwinda usiku. Chui alinyata, mbuzi akaruka, kisha chui akaonekana akitafuna nyama. Watu walimtambua mbuzi kwa sikio lake lililokatika.

"Mbuzi wako nimemwona leo asubuhi," jirani alimwambia mtegaji. "Kaliwa na chui, na yu hai. Chui gani huyo, bwana, kama si wako?"

"Na wangu wawili washapotea," mwingine akadakia.

Mtegaji alinitazama. Nikasimama na daftari langu, nikamwomba mwendesha mashine airudishe filamu. Chui alipopita tena niliwaonyesha mgongo wake: vivuli vya miraba midogo, vya waya wa juu. Niliwasomea tarehe na saa, kipande kwa kipande, hadi mstari wa mwisho wa kila siku: chui amelishwa na mtegaji; na wa siku ya tisa: amefunguliwa na mtegaji.

Mzee wa mbele aligeuka. "Siku ngapi, mwanangu?"

"Nane."

"Kwa hiyo chui alikuwa bomani mwa huyu, na chakula alipewa na yeye. Halafu akamfungulia."

Nilianza kueleza amri ya Mzungu. Hakuna aliyesikiliza. Walitoka kwa mlango wa nyuma, ingawa wa mbele ulikuwa wazi, kwa sababu mtegaji alikaa karibu na huo wa mbele.

Tulipobaki wawili nilimwomba radhi. Hakuipokea.

"Ungekaa kimya," alisema, "ningekuwa nnashukiwa tu."