Ruhusa ya Raihana

Raihana Banu alikuwa fundi wa kuunga nyuzi katika kiwanda kimoja cha kusokota pamba nje ya mji wa Dindigul, kusini mwa India. Kazi yake ilikuwa kutembea mbele ya mashine ndefu yenye mamia ya pia za uzi zinazozunguka, na uzi ukikatika auwahi, auunge, asonge mbele. Mashine haisimami, kwa hiyo na mtu hasimami.

Ramadhani ya mwaka ule zamu yake ilianguka mchana hadi usiku. Mapumziko ya chakula yalikuja saa nzima baada ya jua kutua. Siku za mwanzo alivumilia. Siku moja kichwa kikamzunguka, akashika nguzo ya mashine, nyuzi zikakatika mbele yake kama mvua na asijue aanze na upi. Pechiammal, mwenzake wa mashine ya pili, akaruka kumsaidia.

"Utakufa hapa, halafu waseme umeharibu pamba," Pechiammal alimwambia. "Nenda kwa msimamizi. Na usiende kulia. Nenda na mpango."

Mpango wakaupanga wenyewe. Kulikuwa na mama wa makamo, Muthulakshmi, ambaye kazi yake ilikuwa kushika mashine za wanaokwenda mapumziko. Lakini wakati wa magharibi alikuwa upande wa mbali wa ukumbi, akiwashikia mashine mafundi wa huko wakinywa chai. Basi Pechiammal angeangalia mashine zote mbili Raihana akifuturu na kuswali, na wakati wa chakula Raihana angebaki kuangalia zote mbili, Pechiammal ale kwa raha.

Msimamizi, bwana Thangavelu, aliwasikiliza bila kuinua macho.

"Nikikupa wewe, kesho kila mtu ana mungu wake na saa yake."

"Bosi, siombi dakika za ziada. Zilezile za chakula, nizichukue mapema. Mashine haitabaki peke yake hata kidogo."

"Nyuzi zikikatika?"

"Nitaunga mimi," Pechiammal akadakia. "Na yeye ataunga zangu. Tujaribu, bosi. Ikishindikana utufokee, si umezoea?"

Thangavelu akacheka, jambo lisilo kawaida yake. "Haya. Mjaribu. Uzalishaji ukishuka, ruhusa imekufa."

Haukushuka. Kila jioni Raihana alikimbilia chumba cha kubadilishia nguo, akanywa uji wa futari aliouleta kwenye themosi, akaswali juu ya kanga kuukuu, akarudi. Pechiammal alikuwa akikimbia huku na huko, jasho likimtiririka, akimtania, "Umeniombea na mimi, au umejiombea tumbo lako tu?" Mafundi wengine wanne wa Kiislamu wakapewa mpango huohuo. Raihana alijisikia mtu. Siku ya Idi alimpelekea Thangavelu biriani nyumbani, na mkewe akaipokea kwa mikono miwili.

Wiki mbili baada ya Idi, Muthulakshmi aliitwa ofisini. Alipotoka alikuwa amevua aproni ya mafundi. Walimpa ufagio: kukusanya vumbi la pamba chini ya mashine, kibarua wa kutwa, leo yupo, kesho hayupo.

Raihana alimfuata Thangavelu uani.

"Bosi, mama amekosa nini?"

"Hajakosa. Meneja aliangalia hesabu za mwezi mzima. Akaniuliza, kama wanawake hawa wanaweza kushikiana mashine na uzi hautoki pungufu, huyu mama analipwa kwa nini? Nilimwambia ilikuwa ya Ramadhani tu. Akasema mbona imefaa."

"Tulivumilia kwa sababu ni mwezi mmoja! Pechiammal alikuwa akitoka hapa hawezi kusimama!"

"Najua. Mimi pia nina meneja, Raihana."

Tangu hapo kila fundi alishika mashine mbili kila mwenzake alipokwenda kula, kunywa chai, hata chooni. Watu wakaanza kubana mkojo. Lawama hazikupelekwa kwa meneja, ambaye hakuna aliyemwona. Zilimjia Raihana mezani wakati wa chakula, kwa sauti ya kusikika: "Tunalipia mfungo sote siku hizi, hata tusiofunga."

Raihana alimwendea Muthulakshmi penye marundo ya vumbi, akaanza kuomba radhi. Yule mama akamkatiza.

"Mwanangu, ulikuwa na haki ya kula. Hilo sikulaumu." Akakohoa, akajifunga kitambaa puani. "Lakini usije kunisimamia hapa. Wakituona tunaongea watasema sina kazi."

Mwaka uliofuata Thangavelu mwenyewe alimjia kabla ya mwezi kuandama. "Ruhusa yako ipo palepale. Utafuturu kama mwaka jana."

Raihana alimtazama Pechiammal ng'ambo ya mashine. Pechiammal alikuwa ameinama, akimkwepa macho, akiunga uzi ambao haukuwa umekatika.