Mguu wa Esinati

Kwenye matanga ya mjomba wa mumewe, Esinati Namakhwa aliwasalimia wazee akiwa amesimama. Hata yeye alijua ni aibu. Huko kwao Thyolo, nchi ya mashamba ya chai, mke wa mtu hupiga magoti, tena mbele ya wakwe. Lakini goti la kushoto lilikataa kukunjika. Miezi mitano sasa mguu ulikuwa umejaa, mgumu kama gogo, na ngozi imetoka mabaka meusi yenye wekundu wa zambarau kwa mbali. Hayakuwasha wala kuuma. Aliyafunika kwa vitenge viwili na kuendelea kuchuma chai.

"Jamani, malkia amekuja!" Wifi yake, Enifa, alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Magoti yake ameyaweka akiba?"

Esinati alikuwa amechoka. Alipandisha vitenge mpaka juu ya goti, akasimama hivyo hivyo mbele ya wanawake.

Enifa aliweka kikapu chini. Aliinama, akaugusa mguu ule kwa vidole viwili.

"Wifi," alisema taratibu. "Tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza."

"Na kaka anajua?"

"Anajua nimevimba. Kuna mtu wa dawa alinichanja wembe, akasema nimelogwa, nimekanyaga kitu cha watu."

"Kesho tunakwenda hospitali. Usinibishie."

Daktari, mwanamke mwembamba aitwaye Tadala Kumwembe, hakuanza na mguu. Alimwambia Esinati afumbue kinywa, akamulika juu. Kwenye kaakaa palikuwa na baka jingine la zambarau. Kisha akamwomba Enifa asubiri nje.

"Mama, uliwahi kupimwa virusi vya UKIMWI?"

Esinati alitazama mlango. "Nilipimwa. Nilikuwa nikimeza dawa, miaka sita. Nilipoolewa na Lakisoni nikaacha. Ningezificha wapi kwenye nyumba ya chumba kimoja?"

Daktari hakumgombeza. Alikata kipande kidogo cha ngozi kwa ganzi, akachukua damu, akampeleka kupigwa picha ya kifua. Majibu yalipotoka alimwambia wazi. "Ni saratani, inaitwa Kaposi. Inaletwa na kirusi kingine, si kile cha UKIMWI. Watu wengi wanacho na hakiwafanyi chochote, kwa sababu kinga ya mwili inakibana. Yako imeshuka sana, kikapata nafasi. Nimeona chale za wembe, lakini hukukanyaga kitu cha watu. Mapafu yako ni safi, hiyo ni bahati."

"Inapona?"

"Inarudi nyuma. Utarudia vidonge, kila siku, bila kuruka. Kwa wengine vidonge peke yake vinatosha. Wewe mguu umeshajaa, kwa hiyo utahitaji na dripu ya dawa ya saratani, mara moja kila wiki tatu, mara sita. Na mumeo aje apimwe."

Siku ya dripu ya kwanza Lakisoni alikuja na baiskeli, mikono ina grisi ya gereji. Esinati alimweleza yote huku akitazama shuka. Lakisoni alijifuta mikono kwenye suruali. Halafu akafungua mkoba wake wa spana, akatoa chini ya vitambaa kichupa cheupe cha vidonge, akakiweka kitandani.

Esinati alikitambua. Kilifanana na vile alivyokuwa navyo zamani.

"Unavimeza?"

"Miaka tisa. Nachukulia Luchenza, ambako hawanijui. Niliogopa utaniacha."

"Miaka minne ya ndoa, Lakisoni! Umelala kando yangu ukiwa mzima, mimi naoza mguu!"

"Nilidhani navificha mimi tu."

Esinati aligeukia ukutani. Alibaki hivyo mpaka dripu ikaisha.

Enifa ndiye aliyebaki kumuuguza. Alipika nsima, ugali wa kwao, na dagaa waitwao usipa kwenye kibanda cha ndugu wa wagonjwa, akamwogesha. Nywele zilipoanza kunyonyoka kwa ajili ya dripu, alimtania. "Kichwa kizuri, wifi. Ungenyoa zamani."

"Nyamaza, mchokozi wewe."

Wakacheka, kisha Enifa akalia, na Esinati akamshika mkono.

Baada ya dripu ya tatu mabaka yalianza kulala. Baada ya ile ya sita yalikuwa rangi ya kahawia, bapa, kama madoa ya moto wa zamani, na lile la kinywani halikuonekana. Vidole vya miguu vilibaki na ganzi kwa ile dawa ya dripu. Mguu ulipungua lakini haukurudi kuwa kama wa kulia. Daktari Tadala alimwambia kweli, kwamba pengine hautarudi kamwe, na kwamba akiacha tena vidonge mabaka yatamrudia.

Kwenye shamba la chai walimhamishia kwenye kitalu cha miche, kazi ya kukaa. Lakisoni alimpigilia kiti kirefu cha mbao, chenye mahali pa kunyoosha mguu. Esinati alikipokea bila kumshukuru. Bado hasira haijamwisha, na yeye mwenyewe hajui sehemu ipi ni ya kumkasirikia mumewe na ipi ni ya kujikasirikia mwenyewe. Asubuhi, kabla ya kengele ya kazi, wanamimina maji kwenye kikombe kimoja. Esinati anameza kidonge chake kwanza, kisha anampa mumewe kikombe.