Mia Nane Chini ya Kikombe

Kikombe changu cha ubatizo kiliuzwa nikiwa kitandani hospitali ya Iringa, kifua kinaniua. Aliyekiuza ni mdogo wangu wa kiume, tumbo moja. Aliyekinunua ni sonara mmoja wa Mwanjelwa, kule Mbeya. Nawasema wote wawili. Majina yao siyaandiki, wenyewe wanajijua.

Mama alikuwa ametangulia mwaka ule ule. Mdogo wangu akaja kwetu Kihesa kufunga nyumba ya mama, akapita wodini kuniona, akaniona nimebaki mifupa. Nadhani alijua naelekea alikokwenda mama. Akabeba alichoona kina faida. Lakini mimi nikapona, ndiyo shida iliyompata.

Kikombe chenyewe mama alipewa na muuguzi Mjerumani wa misheni, ambaye mama alikuwa akimpikia, siku tulipozaliwa. Nasema tulipozaliwa kwa sababu tulikuwa mapacha. Ubavuni yalichongwa majina mawili, la kwangu na la mwenzangu. Mwenzangu hakumaliza wiki. Kaburi lake lilishalimwa mahindi. Picha hana, cheti hana. Jina lake hapa duniani liliandikwa mahali pamoja tu.

Niliporudi nyumbani na kukosa kikombe, nikampigia simu.

"Dada, kile kilikuwa bati tu," akanijibu. "Sonara amekiangalia kwa lenzi, chini kimeandikwa mia nane. Fedha ya kweli ni mia tisa ishirini na tano. Ndiyo maana nimekuachia vijiko vya mama. Vimeandikwa tisini, yaani asilimia tisini. Nimekupendelea."

Mimi nimeishia la saba, lakini maneno yake hayakuniingia akilini. Nikavifunga vijiko kwenye kitenge, nikampelekea sonara mzee pale mjini Iringa aliyewahi kunirekebishia pete ya ndoa. Akakigeuza kijiko kimoja, akacheka kidogo.

"Mama, hii tisini siyo asilimia. Ni gramu za fedha walizopaka kwenye dazeni ya vijiko na dazeni ya uma, zote pamoja. Ona hapa nyuma, panapogusa meza."

Nikaona. Rangi ya juu ilikuwa imelika, chini panatoka unjano.

"Na mia nane?"

"Inategemea. Ilikuwa peke yake, au na alama?"

Nilikijua kile kikombe kama kiganja changu. Nikamwambia kulikuwa na kimwezi na taji dogo, halafu mia nane.

Mzee akaweka kijiko mezani. Kisha akasema, "Hiyo ni fedha, mama. Ya Ujerumani. Sehemu mia nane katika elfu ni fedha, zilizobaki nyingi ni shaba, ili iwe ngumu. Nyingine utakuta mia nane thelathini na tano. Mia tisa ishirini na tano ndiyo ya Waingereza, na ile yao ya zamani haina hata namba, ina simba anatembea. Iko juu ya yako, lakini yako siyo bati."

"Sonara anaweza asijue?"

"Mwenye jiwe la kusugulia na tindikali ya kupimia? Anajua."

Kesho yake nikapanda basi la Mbeya. Mdogo wangu alinipokea stendi akiwa amenuna, tukaenda Mwanjelwa pamoja. Sonara alikuwa kijana mnene, anakunywa soda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kikombe changu kiko wapi?"

Akamtazama mdogo wangu. "Si ulisema mwenyewe amefariki?"

Mdogo wangu akaangalia chini. Nikauliza tena.

"Mama, kile nilishayeyusha, zamani. Nilichanganya na vitu vingine." Akafungua kabati la kioo, akatoa bangili tatu, akazipanga mbele yangu. "Mojawapo ya hizi. Au zote."

Nikazishika moja moja, nikazigeuza ndani. Zote zimegongwa 925.

"Uliyeyusha bati likawa fedha?"

"Mama, hiyo ni biashara."

"Mwizi wewe. Unanunua mia nane unaita bati, unaiyeyusha, unaigonga mia tisa ishirini na tano."

"Dada, usipige kelele, watu wanaangalia," mdogo wangu akasema. "Chukua bangili moja, mimi nitaongea naye. Tena ni nzuri kuliko kile kikombe."

Nikaileta ile bangili karibu na macho. Ilikuwa inang'aa, nyororo, haina mkwaruzo. Nikapitisha kidole ndani yake, mzunguko mzima. Namba tu. Nikajikuta nalitamka jina la mwenzangu kwa sauti, pale dukani, mbele ya wateja. Sikumbuki kama nililia.

Mdogo wangu akanishika bega.

"Ndiyo nani huyo, dada?"