Visanduku Mahali pa Baba

Mwaka ule boti za kwenda Mutsamudu, kisiwani kwetu, zilisimamishwa, na mimi nilikuwa Moroni, kwenye chumba cha kupanga kule Badjanani, juu ya duka la vitambaa. Kisiwa chetu kilikuwa kimejitenga, serikali ya muungano wa visiwa, iliyokaa Moroni, ilikuwa imekifungia njia, na sisi tuliotoka huko tulijifunza kunyamaza tukiwa kwenye foleni ya mkate, maana lafudhi ilikuwa inatutangulia.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa kuli wa bandari ya Mutsamudu, mtu wa mabega mapana na sauti ndogo. Hitima yake ya mwaka ilipangwa Ijumaa, baada ya alasiri, na sikuwa na njia ya kufika. Nilichokuwa nacho ni sura ya riwaya niliyokuwa naandika: sura juu yake, kwa Kindzuani, lugha ya kisiwa chetu, aliyonigombezea na kunibembelezea. Mama alisema nikiituma, binamu yangu ataisoma mbele ya watu dua ikiisha. "Watasikia kwamba na wewe ulikuwepo," aliniambia kwenye simu.

Ningeituma kwa tovuti. Tulikuwa na jarida la fasihi la kwenye intaneti, vijana wa visiwa vyote, tulilolianzisha kabla ya ugomvi. Mhariri, kijana wa Moroni mwenye mapenzi makubwa na uzuri wa maandishi, alikuwa amechagua fonti ya pekee ya jarida, isiyokuwemo kwenye kompyuta za watu. Kwa hiyo kila msomaji alipofungua ukurasa, ilibidi faili ya fonti iteremke kwanza. Na faili ilikuwa nzito, kwa sababu ndani yake mlikuwa na herufi za Kigiriki, za Kirusi, alama za hesabu, vitu ambavyo hakuna hata mmoja wetu angevitumia. Kwa laini za simu zetu, msomaji alikaa akitazama ukurasa mweupe mpaka akakata tamaa.

Fundi wetu wa tovuti, rafiki yangu wa Itsandra, aliikata. Alikuwa na programu iliyopitia kurasa zote za jarida, ikaokota kila herufi iliyokutana nayo, kisha ikatengeneza fonti mpya yenye hizo tu. Faili ya kilobaiti mia tatu na ushei ikashuka ikawa ishirini. Tulishangilia. Mhariri alinunua soda.

Kurasa zilizokuwepo zilikuwa za Kifaransa na za Kingazidja, lugha ya Moroni, na waandishi wa Moroni waliandika *b* na *d* za kawaida kila mahali. Mimi nilikuwa nimefundishwa Mutsamudu, na mwalimu mmoja mwenye hasira nzuri, kuandika herufi zenye ndoano, *ɓ* na *ɗ*, kwa ile sauti tunayoimeza badala ya kuitema. Baba kwetu ni *ɓaɓa*. Sura yangu iliwekwa baada ya fonti kukatwa.

Niliitazama kwenye mashine ya fundi. Ilisomeka vizuri, ila ndoano zilionekana nyembamba kuliko herufi jirani.

"Mbona hizi zimekonda?" nikamuuliza.

"Macho yako yamekonda, bwana. Huli."

Tukacheka. Jumatano binamu yangu akanipigia kutoka duka la intaneti la Mutsamudu.

"Kaka, umeandika nini huku? Naona visanduku."

"Visanduku vipi?"

"Kisanduku, *a*, kisanduku, *a*. Ukurasa mzima. Mwenye duka anasema labda Moroni wametutoza ushuru wa herufi."

Nyuma yake nikasikia watu wakicheka.

Nilikwenda Itsandra kwa miguu kwa sababu sikuweza kungoja gari lijae. Fundi alielewa kabla sijamaliza kusema. Programu ilihifadhi herufi ilizozikuta tu, na ndoano zangu haikuzikuta. Kwenye mashine yake, kivinjari kilizikosa ndani ya fonti ya jarida, kikaziazima kutoka fonti nyingine iliyokuwemo, ndiyo maana zilikonda. Kompyuta kuukuu za Mutsamudu hazikuwa na mahali pa kuazima, zikachora sanduku.

"Mashine haijui nani wa kisiwa gani," alisema. Hakuwa anajitetea. Alikuwa na huzuni.

"Inajua nani alitangulia kuandika."

Fundi alirudi kwenye fonti nzima, akachukua hizo mbili, kubwa na ndogo, akaziongeza kwenye ile iliyokatwa. Faili ilinenepa kidogo sana, hata kilobaiti moja haikufika. Lakini funguo za kupandisha faili alikuwa nazo mhariri, tukampigia, akaja na wenzake wawili. Alisikiliza huku akitikisa mguu.

"Kwani *b* ina kosa gani? Kila mtu anaisoma."

"Sivyo inavyoandikwa."

"Sikiliza, ndugu yangu. Siku hizi nyinyi mmetaka bendera yenu, mmetaka rais wenu. Sasa na herufi zenu?"

Mmoja wa wenzake akacheka, kisha akaona uso wangu, akajifanya anakohoa. Nilikuwa nimekula nyumbani kwa mhariri yule. Mama yake aliniita mwanangu. Hiyo *nyinyi* aliitamka kwa upole, kama mtu anayemsogeza mgeni mlangoni.

"Nimetaka kumwita baba yangu," nikasema. "Basi."

Akaipandisha faili, kwa jina lilelile la ile ya kwanza. Tukafungua ukurasa kwenye kompyuta ya jirani wa fundi ambayo haijawahi kuuona: ndoano zote zipo, nene, za ukoo mmoja na wenzao. Alhamisi asubuhi nikampigia binamu akiwa dukani.

"Fungua sasa."

"Bado, kaka."

"Haiwezekani. Huku zipo."

"Huko zipo, huko zipo. Mimi niko hapa! Ninachapisha hivihivi, mwenye duka anataka kufunga, askari wamejaa barabarani."

Laini ikakatika. Mchana kutwa simu za kisiwani hazikushika, na Ijumaa pia.

Jioni ya Ijumaa fundi akanijia chumbani, akakaa chini kabla ya kukaribishwa. Alikuwa ameipata sababu. Kompyuta ya dukani ilikuwa imejiwekea ile faili ya kwanza, na kwa kuwa jina halikubadilika, haikuona haja ya kuteremsha nyingine. Ilikuwa inatumia fonti yetu ya zamani. Ingetosha kubadilisha jina la faili.

"Nimempigia mhariri, sasa amelibadilisha," akasema.

Alasiri ilikuwa imeshapita.

Simu zilirudi wiki iliyofuata. Binamu alinisimulia kwamba alijaribu kujaza visanduku kwa kalamu, akaandika herufi ndani ya vyote usiku kucha, lakini mjomba aliichukua karatasi, akaitazama, akasema inafanana na fomu ya serikali: mtoto yuko Moroni, anatuletea nafasi wazi tumjazie jina la baba yake. Akaikunja. Haikusomwa.

Kisha akampa Mama simu. Aliniuliza kama nakula, kama chumba kinavuja. Nikamweleza yote: fonti, programu, faili iliyobaki na jina la zamani. Nilieleza vizuri, polepole, na kila neno lilikuwa kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mwanangu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini ili walio chumbani wasisikie: "Kwani huko wamekukataza kumwita baba yako?"