Safu ya Fangasi

Mwalimu Hilaria hakupenda chati za kununua. Maabara ya shule ilikuwa nayo moja nzuri, ya rangi, iliyotundikwa juu ya sinki, lakini kila mwaka alipofika kwenye mada ya seli aliipa mgongo na kuchora jedwali lake mwenyewe ubaoni kwa chaki. Juu aliandika mnyama, mmea, fangasi, bakteria. Pembeni, kwa kushuka: ukuta, oganeli, kabohaidreti ya akiba, namna ya kugawanyika. Kisha aliwaita wanafunzi mmoja mmoja waje kujaza, na aliyekosea alifuta mwenyewe.

Alikuwa mzaliwa wa Uru, ameolewa Old Moshi, na alikuwa amefundisha baiolojia katika sekondari moja ya kata pale mlimani tangu binti yake, Elinipendo, akiwa mgongoni. Sasa Elinipendo alikuwa chuoni Mwanza. Kitabuni kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza, lakini Hilaria alipoona macho ya watoto yamekufa alirudi kwenye Kiswahili bila kuomba radhi.

Mwaka huo aliyemsumbua alikuwa msichana aitwaye Dafroza, wa kidato cha tatu.

"Madam, mimi naona fangasi ni mmea tu," Dafroza alisema, chaki mkononi. "Uyoga unaota ardhini. Hautembei. Una ukuta. Kwa nini tuuhamishe?"

"Ukuta wa mmea ni wa nini?"

"Selulosi."

"Na wa uyoga?"

Dafroza akafikiri. "Kitini."

"Kitini utakikuta pia kwenye gamba la panzi. Haya, mmea unaweka akiba gani?"

"Wanga."

"Sisi je?"

"Glaikojeni. Kwenye ini na misuli."

"Fangasi?"

Msichana alitazama jedwali, akaandika taratibu: glaikojeni. Kloroplasti, hana. Kiini, anacho. Mitokondria, anazo. Kugawanyika, mitosisi, na hamira, fangasi wa seli moja, huchipua. Darasa likaona lenyewe kwamba ukiondoa ule ukuta, safu ya fangasi ilifanana zaidi na safu ya mnyama kuliko ya mmea. Bakteria ndiye aliyebaki peke yake kule mwisho, hana kiini, hana mitokondria, ukuta wake wa peptidoglaikani, anajikata vipande viwili bila mitosisi.

"Kumbe ni ndugu yetu," mtu wa nyuma alisema, na wote wakacheka. Hilaria naye alicheka. Wakati huo mumewe, Ebenezeri, alikuwa nyumbani amelala, amefunga kitambaa kichwani.

Ebenezeri alikuwa seremala. Alitengeneza milango na vitanda kwenye kibanda kando ya barabara, na mikono yake ilijulikana hadi Kiboriloni. Miaka ya karibuni alikuwa akinywa vidonge vya kutuliza kinga ya mwili, kwa sababu ngozi yake ilikuwa inatoka malengelenge makubwa yaliyopasuka na kumwacha na vidonda. Vidonge vilimrudisha kazini. Daktari aliyempa alimwonya kwamba kinga ikitulizwa, vijidudu vingine hupata nafasi. Ebenezeri aliitikia kama mtu anavyoitikia tangazo la kanisani.

Kichwa kilianza kumuuma polepole. Zahanati walimpa dawa ya malaria, kisha ya taifodi. Hakikupona. Siku alipotapika na kushindwa kuinamisha shingo ili afunge viatu, Hilaria aliomba ruhusa shuleni, akakodi gari, wakashuka naye hospitali kubwa mjini Moshi.

Aliyempokea wodini alikuwa Daktari Simran, mama wa makamo mzaliwa wa Moshi, aliyeongea Kiswahili cha mjini bila haraka. Alisema inaonekana ni homa ya uti wa mgongo. Alianza mara moja sindano ya kuua bakteria, akatoa maji mgongoni mwa mgonjwa yapelekwe maabara.

Hilaria alipoona ile sindano alipumua. Aliijua inavyofanya kazi: inavuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Mwili wa mtu hauna ukuta wa aina hiyo, kwa hiyo dawa inampita mwenye nyumba na kumpiga mwizi. Alikuwa amelifundisha hilo mara nyingi mno. Alikaa kwenye benchi akiomba, na alichokiomba, Mungu amsamehe, kilikuwa bakteria.

Jioni daktari alimwita.

"Mwalimu, si bakteria. Ni fangasi. Aina fulani ya hamira inayokaa kwenye vumbi na kinyesi cha ndege. Watu wengi wanaivuta na haiwafanyi kitu. Yeye kinga yake ilikuwa imelala."

"Fangasi?" Hilaria aliuliza. Daktari akafikiri labda hakuelewa, akampeleka maabara akaangalie kwa hadubini. Tone la maji ya mgongo lilikuwa limechanganywa na wino mweusi. Katika giza lile zilionekana duara ndogo, kila moja na utando mpana mweupe kuizunguka, kama mwezi wenye wingu. Moja ilikuwa na chipukizi dogo ubavuni, halijaachana na mama yake. Lilikuwa chipukizi lile lile la hamira lililoandikwa kwenye jedwali lake, na lilitoka mgongoni mwa mumewe.

Alirudi wodini, akakuta Ebenezeri yu macho, akimsubiri.

"Wamesema nini, Mama Eli?"

"Ni fangasi."

"Kama wa miguuni?"

"Siyo huyo. Huyu ni wa kichwani."

"Si wampige hiyo sindano?"

"Ile haimwoni. Ile inatafuta ukuta wa bakteria, na huyu hana ukuta huo. Kuna dawa nyingine, lakini ni kali. Baba Eli, seli ya huyu mdudu imefanana na yako. Ina kiini, ina mitokondria, hata chakula chake cha akiba ni kile kile chako. Kwa hiyo dawa ya kumuumiza yeye inakuumiza na wewe."

Ebenezeri alikaza kitambaa chake kichwani. "Ndugu wa namna hiyo," akasema, "ndio wanaogombea kihamba, shamba la urithi."

Dawa ile ilipitishwa kwenye dripu. Kabla ya kila dripu walimjaza maji ya chumvi na madini ili kulinda figo. Daktari alieleza kwamba inashika mafuta ya kwenye utando wa seli ya fangasi na kuutoboa, ila utando wa binadamu nao una mafuta yanayokaribiana, na dawa huwa inakosea. Mara ya kwanza Ebenezeri alitetemeka hadi kitanda cha chuma kikagonga ukuta. Hilaria alimlalia miguuni amzuie asianguke. Nesi alileta blanketi la pili, kisha la tatu.

Nyumbani maneno yalianza. Wengine walisema ni UKIMWI umefichwa, ingawa alikuwa amepimwa na hakuwa nao. Shemeji yake, Aminiel, kaka mkubwa wa Ebenezeri, alikuja na chupa ya mtori wa ndizi na maswali.

"Wewe ni mwalimu wa mambo haya. Huwezi kuwaambia watumie dawa nyingine?"

"Shikamoo, shemeji. Ipi?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye unayejua."

Neno lile lilimkaa moyoni. Siku alizopanda kwenda kufundisha vipindi vyake alisimama mbele ya jedwali, ambalo wanafunzi walikuwa wamemwomba asilifute kwa sababu ya mtihani, na alilipitia mstari kwa mstari akitafuta mahali ambapo fangasi ni fangasi na mtu ni mtu. Akiba, hapana. Kiini, hapana. Mitosisi, ipo kote. Mwishowe alibaki na mstari wa kwanza. Ukuta. Fangasi ana ukuta wa kitini na sukari zilizoshonana, mwanadamu hana ukuta kabisa.

Alimkuta Daktari Simran kwenye ngazi akamzuia.

"Daktari, samahani. Ukuta wake je? Sisi hatuna ukuta. Hakuna dawa inayopiga ukuta wa fangasi na kutuacha sisi?"

Daktari alisimama. Alimtazama kwa namna ambayo Hilaria aliijua, kwa sababu ndivyo alivyowatazama wanafunzi waliojibu vizuri swali ambalo halikuwa kwenye mtihani.

"Zipo, mwalimu. Zinazuia ukuta usijengwe. Kuna fangasi wengine tunawatibu nazo vizuri sana." Akashusha sauti. "Huyu hazimwezi. Ana ukuta, lakini dawa hizo hazimfanyi kitu. Ningekuwa nimeshampa."

"Hakuna kingine?"

"Kuna hizi tulizo nazo. Na kuna kusubiri."

Wakasubiri. Kichwa kilipozidi, walimtoa maji mgongoni tena na tena kupunguza mgandamizo, na kila baada ya hapo Ebenezeri alipata saa chache za kuongea kama zamani. Aliuliza kama mteja wa Kiboriloni amefuata mlango wake. Halafu majibu ya damu yakaonyesha figo zinachoka. Dripu ikasimamishwa. Wakambadilishia vidonge ambavyo, daktari alisema wazi, vinamzuia yule fangasi asikue zaidi kuliko vinavyomuua.

"Na tukirudisha ile dripu?" Hilaria aliuliza.

"Tutapoteza figo."

"Na tusipoirudisha?"

Daktari Simran alifunua faili, akaandika dozi ya vidonge.

Ni asubuhi moja ya kawaida, chai imeletwa, ndipo Ebenezeri alipomuuliza kwa nini wamezima taa. Jua lilikuwa limejaa dirishani. Hilaria alisogeza mkono mbele ya macho yake, yakabaki pale pale. Daktari alikuja na tochi, akaangalia ndani ya kila jicho, akakaa kitandani jambo ambalo hakuwa akilifanya. Mgandamizo wa kichwani ulikuwa umeua mishipa ya macho. Kuona hakutarudi, alisema. Aminiel aliuliza kuhusu kumpeleka India. Daktari akasema hata India.

Figo zilipata nafuu, fangasi akapungua kwenye vipimo, ingawa hakwisha. Wakamruhusu arudi nyumbani na vidonge vya miezi mingi, na onyo kwamba kichwa kikianza tena waje siku hiyo hiyo. Vidonge vya ngozi vilipunguzwa, na malengelenge yakaanza kurudi mabegani. Hakuna aliyejua kipi kitatangulia, ngozi au kichwa.

Elinipendo alikuja likizo, akalia, akarudi chuoni. Kwenye mtihani wa muhula Hilaria alilazimika kusahihisha swali la jedwali, karatasi baada ya karatasi, na watoto walikuwa wamefaulu. Dafroza alikuwa amejaza kila kisanduku. Hilaria aliweka alama ya vema, akaendelea.

Jumamosi moja Ebenezeri alisema anataka kufika kibandani kwake, peke yake, bila kushikwa mkono.

"Njia ina mawe," Hilaria alisema.

"Naijua njia. Wewe simama hapo hapo mlangoni. Usinifuate, Mama Eli. Nakuomba."

Akasimama. Alimwona akipita kwenye migomba, mikono mbele, akigusa gogo moja na lingine. Alijikwaa kwenye nguzo iliyoegemeza mkungu, akapiga goti, akabaki hapo akipapasa majani makavu bila kujua upande uliko kibanda. Hilaria alishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Hakumwita, na hakwenda.