Nusu ya Betri, Nusu ya Kaa

Suala zima lilinigharimu betri moja, kaa kumi na wanne na heshima yangu mbele ya mama mmoja. Kaa nimewahesabu mara mbili. Heshima sikuwa na ya kuhesabu mara ya pili.

Nilikuwa nachukua kaa hai vijijini huko delta, nawapeleka Kibiti kwa tajiri mwenye gari la kwenda Dar. Kabla ya kuondoka nilitakiwa nimpigie, anishikie nafasi. Asiponisikia gari linaondoka, na kaa hasubiri kesho. Simu yangu ilikuwa ya kugusa, mtumba wa Uarabuni, maana biashara ilikuwa imefunguliwa milango na kila kilichochokwa huko kilikuja kuanza maisha upya kwetu.

Siku hiyo kioo kiliandika chaji asilimia hamsini. Nikasimama kwenye kichuguu, mahali pekee penye mtandao wa kuokoteza, nikapiga. Ikaita mara moja, ikazima. Nikaiwasha, ikaonyesha nembo, ikazima tena. Nilipofika Kibiti gari lilishaondoka, na kufikia asubuhi kaa kumi na wanne walikuwa wamekufa.

"Mara ya pili hii," tajiri akasema. "Ya tatu nachukua kwa mwingine. Usinilaumu."

Nikarudi kijijini moja kwa moja kwa mama wa chaji, pale bandarini. Alikuwa na paneli ya sola juu ya makuti na betri kubwa ya gari uvunguni mwa meza, anachaji simu za kijiji kizima.

"Dada, mimi nimelipa chaji nzima. Umenipa nusu."

"Kaka, mia si umeiona kwa macho yako?"

"Ilikuwa mia ya usoni. Ndani hamna kitu."

"Kwa hiyo jua la Mungu nimeliiba mimi? Nimelificha wapi, kwenye khanga?"

Watu wakacheka. Mimi nikakaza, nikatangaza bandarini kwamba pale chaji inapunjwa. Wenzangu nao wakanipa dawa: betri imesahau kipimo, iache ife kabisa, uichaji usiku kucha imezimwa, mara tatu. Nikafanya mara tatu, kwa mama mwingine wa kijiji cha pili. Nikapiga ya kujaribu tu, simu ikazimika kwenye hamsini na mbili. Nikapiga hesabu: dawa imenipunguzia asilimia mbili.

Ikabidi nimwone fundi simu pale stendi ya Kibiti, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani juu ya ushungi. Akaitoa betri, akagusisha mita. Volti tatu nukta nane.

"Umeona? Nzima," nikasema. "Basi bei ya kuangalia tu iwe ndogo."

"Tulia, baba. Mtu akiwa amekaa hujui kama anachechemea."

Akachukua vibalbu vitatu vya tochi alivyovifunga pamoja, akaviunganisha kwenye ile betri. Vikawaka vyekundu. Namba ikaporomoka hadi tatu nukta mbili. Alipovitoa, ikapanda tena taratibu, kama haikufanya kitu.

"Betri ikizeeka inakuwa nzito kutoa nguvu," akasema. "Kuonyesha saa tu, inaweza. Ukipiga mahali mtandao dhaifu, simu inavuta kwa mkupuo, volti inaanguka, simu inajizima. Ile hamsini ni makisio tu."

"Na kuiacha ife mara tatu?"

"Hapo umesafisha kipimo, hukuiponya betri. Ukisugua kibaba, mchele unaongezeka? Tena kuikausha vile unazidi kuichosha."

Akaniwekea betri tatu mezani, zote mpya kwa maneno yake. Nikamwambia kila moja ionje vibalbu. Ya kwanza ikaanguka kama yangu.

"Hii umeniwekea mimi au bibi yako?"

Akacheka, akaitupa ndooni. Ya pili ilishuka kidogo tu. Nikamwomba arudie, ikashuka vilevile. Nikaichukua.

Maji makubwa yaliyofuata, siku za kuvua kaa, nilisimama kwenye kichuguu kilekile, kioo kinasema arobaini na nane. Tajiri akapokea.

"Leo unaongea mpaka mwisho? Umeoa simu nyingine?"

"Matenga manne, tajiri. Nishikie nafasi."

"Njoo, gari linakusubiri."

Kaa wote walifika wakitembeza macho. Tajiri akaniambia wiki ijayo nilete matenga sita.

Ikabaki kwa mama wa chaji. Nikaenda mchana, bandarini pamejaa, nikasema mbele ya watu walewale kwamba kosa lilikuwa la betri yangu, chaji yake ilikuwa nzima. Akanisikiliza huku anachomeka simu za watu, hakuninyanyulia uso. Kisha akasogeza kiti kwa mguu nikae.

"Haya, kwa kuwa umerudi na elimu ya Kibiti," akasema, akiinama kuitazama ile betri kubwa uvunguni. "Hii yangu, simu mbili inachaji vizuri. Nikichomeka kumi, zote zinakata, na taa yake bado ya kijani. Nifanyeje, kaka yangu?"