Gunia la Darini

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa mbele, na kwa kuwa ndani ya nyumba ile ya vyumba sita ya Changamwe ni mimi tu niliyejua kusoma vizuri, mwenye nyumba aliniita nilisome kwa sauti. Nilikuwa nimeacha skuli nikiwa darasa la nne, mwaka alipofariki mama. Baba alikuwa ametutangulia zamani. Chumba cha mwisho upande wa choo kilikuwa chetu, mimi na wadogo zangu wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike.

Nilisoma. Siku ya Alhamisi watu wa afya watakuja kupiga dawa ya mende na kunguni. Kila mpangaji atoe nje vyakula vyote, maji ya kunywa na vyombo vya kulia. Vitanda vivutwe katikati ya chumba. Kuku, mbuzi na paka wafungwe mbali na nyumba. Moto uzimwe kabisa, kwa sababu dawa ya kunguni imechanganywa na mafuta ya taa. Watu wakae nje mpaka saa tisa, kisha milango ifunguliwe hewa ipite, sakafu ifagiliwe, na taka zile zizikwe.

"Soma tena hapo pa kuku," alisema mpangaji wa chumba cha pili.

Nikasoma tena. Akacheka. "Kuku wangu wana akili kunishinda mimi. Hawali mende wenye dawa."

Alikuwa kuli wa bandarini, mtu wa mabega mapana, na alipokasirika alikuwa hatafuti maneno, alitafuta kitu cha kushika. Mkewe alikuwa na kovu la kifuniko cha sufuria juu ya nyusi. Mama huyo ndiye aliyekuwa akiwawekea wadogo zangu ugali kila jioni, nami namtekea maji kisimani. Miaka ile ya vita unga ulikuwa wa kadi ya mgao, na ukiweza kuupata ni wa mahindi ya njano yaliyoletwa na meli. Bila sufuria ya mama yule, wadogo zangu wangelala na muhogo, au na maji.

Alhamisi asubuhi tulitoa vitu uani. Panya walipoona vitanda vinavutwa walitoka mbio, na wanaume wakawangoja mlangoni na michi na magongo. Walipigwa mpaka sakafu ya ukumbi ikawa inateleza. Kuli aliua saba peke yake. Mmoja alimkanyaga kwa kisigino, akaendelea kukanyaga hata pasipokuwa na kitu tena cha kukanyaga.

Mpiga dawa alikuja na msaidizi mmoja. Walikuwa na bomba la mkono la dawa ya maji na kipulizio cha dawa ya unga, nyeupe kama chokaa. Alisimama chini ya tundu la darini akauliza, "Huko juu kuna chakula?"

"Kuni tu," kuli akajibu. "Puliza."

Mpiga dawa akapanda ngazi, akaingiza mkono wenye kipulizio ndani ya tundu lile, akapuliza kila upande bila ya kuchungulia. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake. Sikujua lolote.

Saa tisa ilipopita tulifagia, tukazika taka nyuma ya choo. Mama yule akawasha moto uani, akanipa ungo. "Mwanangu, panda darini uniletee unga. Baba watoto aliuweka huko juzi."

Ndipo nilipofahamu. Gunia lile alikuwa amelitoa bandarini kwa njia zake, na hakutaka wapangaji walione likikaa uani siku nzima. Kwetu sote dari ndipo pahali pa kuhifadhi, juu ya panya, juu ya maji ya mvua, juu ya macho ya watu. Nani angefikiri kwamba dawa nayo itapanda huko?

Nilipanda. Gunia lilikuwa wazi mdomo. Unga wa njano, na juu yake tabaka jeupe lililotulia vizuri, mpaka kwenye mikunjo ya gunia. Nikaliburuta mpaka tunduni, likaniponyoka likaanguka ukumbini kwa kishindo, unga ukaruka. Mweupe ukaingia ndani ya wa njano.

Kuli alitoka chumbani. Aliutazama, akainama, akakusanya wa juu kwa viganja akautupa kando. "Wa ndani mzima," alisema. "Mama, pika."

"Shikamoo baba," nilisema, kwa sababu sikujua nianze vipi. "Huu umeingia dawa. Usipikwe."

"Wewe ndiye bwana afya sasa?"

"Wadogo zangu wanakula sufuria hii. Na wanao pia."

"Wasile. Sikuwazaa mimi hao."

Mama yule alikuwa amekwisha chota kibakuli. Maji yalikuwa yakichemka, na mdogo wangu wa kike ameketi karibu na mafiga akiyaangalia. Nilimpokonya mama kile kibakuli nikakimwaga, kisha nikalikamata gunia kwa masikio yake mawili nikaanza kurudi nyuma nalo kuelekea chooni.

Pigo la kwanza lilinipata mgongoni. La pili shavuni, na jino langu la mbele likang'oka, nikalihisi ulimini kama kokoto. Gunia sikuliachia. Alinishika nywele akanigongesha ukutani, mara mbili, nikaona ukuta mweusi na kisha mweupe. Mdogo wangu wa kiume alimng'ata mkono. Akarushwa juu ya mitungi, ikavunjika. Wapangaji walikuwa wakipiga kelele, "Muache, utamuua," lakini hakuna aliyesogea. Nilifika mlango wa choo. Nikaukamata mchi ulioegemezwa hapo, bado una damu ya panya, nikampiga nao kwenye goti kwa nguvu zangu zote. Alianguka akitukana. Nikaliinua gunia nikalipindua ndani ya shimo, lote, mpaka likawa jepesi mkononi mwangu.

Alisimama kwa mguu mmoja, akauchukua ule mchi kwangu. Nilimtazama tu. Sikuwa na pa kukimbilia, nyuma yangu ni shimo.

"Baba watoto," mkewe akasema nyuma yake, si kwa sauti kubwa. "Tazama kuku wako."

Kuku wake hakuwa amewafunga. Walikuwa wameingia ukumbini kudonoa ule unga alioutupa kando kwa viganja vyake. Jogoo alikuwa amelala ubavu, anapiga mbawa chini, povu mdomoni. Matetea wawili walikuwa wakizunguka kama walevi. Tulisimama tukawatazama mpaka wakanyamaza. Walichukua muda.

Kuli aliuacha mchi ukaanguka. Hakuniomba radhi, wala sikungoja. Alichukua jembe akawazika kuku wale pale pale tulipozika taka, akichechemea, na hakuna aliyethubutu kusema hata kidogo juu ya nyama.

Jioni ile hakukupikwa kitu. Wadogo zangu walilia njaa. Yule wa kike alinilaumu, akanipiga teke la mguu, kisha jingine, na la tatu likanipata mgongoni, pale pale nilipopigwa. Sikumzuia. Mguu wake ulikuwa na nguvu, nami nilimuacha anipige mpaka alipochoka.